Jani, Mkaa na Mvuke: Namna ya Kuchoma Samaki Mzima Asikauke

Changu wa kilo moja akiwekwa hivihivi juu ya mkaa mkali, ngozi yake huungua kabla nyama iliyoshikana na uti wa mgongo haijaiva. Ukimwacha aendelee, ndani kutaiva, lakini mkiani na tumboni kutakuwa kumeshakakamaa. Nyama ya samaki ni laini na haina mishipa migumu kama ya ng'ombe, hivyo huiva inapofikia sentigredi 60 hivi. Ikizidi sana hapo, hujikaza na kuyakamua maji yake yote. Wavu wa jiko la mkaa, kwa upande mwingine, hupita sentigredi 250 bila shida.

Kumfunga samaki ndiko kunakoziba pengo hilo. Maji yanayomtoka hugeuka mvuke, na mvuke ulionaswa ndani ya kifurushi haupandi sana kupita sentigredi 100. Tuseme ukweli basi: samaki aliyefungwa hachomwi, anapikwa kwa mvuke wake mwenyewe. Ndiyo maana hatoki na ngozi kavu ya kutafunika, na ndiyo maana usafi wake una uzito wa pekee. Hakuna moshi wa kuficha harufu. Kila kilichosahaulika tumboni kitaingia nyamani.

Kwa hiyo, hata kama muuzaji ameshampaa magamba na kumtoa matumbo, mkague. Ng'oa mashavu yote mekundu ya ndani, kisha ukwangue ile damu nyeusi iliyoganda kufuata uti wa mgongo. Mwoshe, mkaushe kwa kitambaa, mchanje mara tatu kila ubavu. Msugue kijiko kimoja cha chai cha chumvi pamoja na kitunguu saumu, tangawizi na pilipili zilizotwangwa, umwache dakika 20. Ndimu usimwogeshee mapema, kwani ikikaa huipausha nyama na kuifanya ivurugike. Ikate vipande vyembamba uvitie tumboni wakati wa kufunga.

Jani la mgomba likitoka shambani ni gumu na hupasuka likikunjwa. Toa uti wake wa kati, kisha ulibabue: lipitishe juu ya moto taratibu mpaka rangi iive na uso wake ung'ae. Hapo limelegea na litakunjika kama kitambaa. Tandika mawili kwa kupishana, kwa sababu jani huchanika kufuata mistari yake, na mistari ya la pili ndiyo itakayozuia. Paka mafuta kidogo, laza samaki juu ya vitunguu, kunja kwa kubana, funga kwa kamba za mgomba zilizoloweshwa.

Foili hufanya kazi ileile, na kwa kubana mvuke inalishinda jani. Lakini ina mambo mawili. Kwanza, haina harufu ya kumpa samaki, ilhali jani linaloungua kwa nje humwachia harufu nzuri. Pili, ndimu, ukwaju, nyanya na chumvi huila foili ikiwa motoni, hata ikatoboka vitundu. Dawa ni kumfunga samaki kwa jani kwanza, kisha foili juu yake.

Usianze mkaa ungali mweusi au unatoa ndimi za moto. Subiri ufunikwe na jivu la kijivu, uutandaze, kisha uweke kiganja shibiri moja juu ya wavu. Ukiweza kuvumilia kwa kuhesabu moja hadi nne au tano, moto unafaa. Ukiondoa mkono kwenye mbili, jani litateketea kabla samaki hajaiva. Kwa changu wetu, weka dakika 12 hadi 15 kila upande, umgeuze mara moja tu. Jani kuwa jeusi kwa nje si hasara, maana tabaka la ndani bado lina maji. Hasara ni kufungua kila dakika tano kuchungulia, kwani kila ukifungua mvuke hukimbia na samaki hubaki akisubiri mwingine.

Fungua mara moja, karibu na mwisho, uvute pezi la mgongoni. Likichomoka bila ubishi, ameiva. Kama una shaka, ingiza ncha ya kisu nyuma ya kichwa, palipo panene: nyama iwe nyeupe isiyoangaza na iachie mfupa. Ikiwa bado inang'ang'ania na ina rangi ya kioo, mfunge umrudishe kwa dakika tano. Na ukikuta amezama kwenye maji mengi, ujue hukumkausha vizuri au ulizidisha nyanya.

Akishaiva, mwondoe motoni umwache ndani ya jani dakika tano nyingine. Mchuzi utakaoukuta chini usiumwage: ndiyo yale maji ambayo mkaa ungeyakausha. Umwagie juu ya ugali au wali.