Mwenye nyumba akitaka kuezua, kodi yako iko wapi?

Mwenye nyumba anapita jioni, anasalimia, anauliza hali ya watoto, kisha anatoa habari: mwezi ujao mafundi wanakuja. Bati linabadilishwa, bomba zinafukuliwa, vigae vinawekwa. "Mtahamia mahali kidogo, mama, miezi miwili tu. Hiyo kodi tutaisogeza mbele."

Kwa Dar es Salaam, ugumu wa jambo hili umo katika sentensi ya mwisho. Hapa wengi hulipa kodi ya miezi mitatu, sita, hata mwaka, kabla ya kuingia. Kwa hiyo siku ukarabati unapotangazwa, fedha za miezi ijayo ziko kwa mwenye nyumba, na huenda zimeshageuka saruji.

Tuchukue mfano. Mpangaji analipa shilingi 300,000 kwa mwezi na amelipia Julai hadi Desemba. Kazi itachukua Septemba na Oktoba, maana mwenye nyumba anakimbizana na mvua za vuli. Kusogeza kodi mbele kunaonekana haki tupu: miezi miwili asiyokaa atakaa Januari na Februari. Lakini Septemba anahitaji pa kulala, na nyumba ya kupanga kwa miezi miwili haipatikani kirahisi. Anayoipata ni ya 350,000, kwa miezi mitatu isiyopungua, yaani 1,050,000. Dalali naye anataka mwezi wake, 350,000. Kirikuu ya kuhamisha vyombo, kwenda na kurudi, tuseme 120,000. Jumla ni 1,520,000, na zote zinatakiwa sasa. Hata akirudishiwa 600,000 zake taslimu, bado 920,000 zinatoka mfukoni mwake kwa kazi ambayo hakuiomba. Hiyo 920,000 ndiyo fidia ya kujadili. Kodi iliyorudishwa ni mali yake mwenyewe, si fidia.

Ndiyo maana njia nafuu kwa wote wawili mara nyingi haihusu fedha: mwenye nyumba mwenye chumba kitupu kwenye nyumba yake nyingine amhifadhi mpangaji humo, agharimie gari, mambo yaishe.

Je, ni lazima kuhama? Inategemea kinachofanyika. Rangi ya nje na ukuta wa uzio mtu huvumilia. Bati likiezuliwa juu ya chumba cha kulala, au sakafu ya choo ikivunjwa bila choo kingine uani, hapo hakuna kuvumilia. Kazi nyingi ziko katikati, na anayebaki ana haki ya kuomba punguzo. Nyumba ya vyumba vitatu ikibakiwa na kimoja kinachokalika, kulipa kodi nzima ni kulipia vumbi. Na jambo dogo linalozua ugomvi mkubwa: LUKU. Mashine ya kuchomelea mageti ikichomekwa kwenye mita ya mpangaji, uniti zake huyeyuka mchana kutwa. Isemwe mapema mafundi watatumia umeme wa nani.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mpangaji haki ya kukaa bila kusumbuliwa, na inamtaka amruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua baada ya taarifa ya kutosha. Inasema pia kwamba nyumba ikiharibiwa na moto au mafuriko hadi isikalike, kodi inasimama. Lakini ukarabati aliouamua mwenye nyumba mwenyewe si janga la namna hiyo. Kwa hiyo kinachomlinda mpangaji kwa karibu zaidi ni karatasi watakayoandikiana.

Karatasi hiyo ikae mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na itaje tarehe ya kurudi, si "kazi ikiisha". Itaje kiasi kwa kila siku ya kuchelewa; kwa mfano wetu, kodi ya 350,000 ni kama 11,700 kwa siku. Na itaje kodi atakayoikuta akirudi. Hapa ndipo wengi huumia: vigae vimeng'aa, na nyumba ya laki tatu sasa inaitwa ya laki tano. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, hivyo muda wa mkataba ukiisha hakuna kikomo cha kumzuia. Ndani ya muda uliokwisha kulipiwa, hata hivyo, bei ni ile ile. Mambo yakiharibika, pa kuanzia ni usuluhishi wa Baraza la Kata, kabla ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mwenye nyumba naye ana lake. Paa linalovuja halingoji mkataba uishe, na kurudisha fedha zilizokwisha kutumika ni mtihani. Ila ukarabati mwingi haukuzuka usiku mmoja. Fundi alishapima, bati lilishaulizwa bei. Aliyejua Juni kwamba Septemba ataezua angemwambia mpangaji Juni hiyo hiyo, kabla ya kupokea kodi ya Julai, akachukua ya miezi miwili badala ya sita.