Bao Moja kwenye Simu Mbili

Bao la Kiswahili linapochezwa mtandaoni, kila mchezaji huwa na bao lake kwenye kioo cha simu. Mashimo ni yale yale 32, safu nne za mashimo manane, na kete ni 64. Lakini mchezaji aliyeko Unguja haoni bao la mwenzake aliyeko Maskati. Anachoona ni picha iliyochorwa na simu yake mwenyewe kutokana na ujumbe ulioifikia. Kazi ya mtengenezaji wa mchezo ni kuhakikisha picha hizo mbili zinafanana kila zamu inapobadilika, hata kama mtandao utakatika kete zikiwa bado zinatawanywa.

Kwa bao, kazi hiyo ni nzito kuliko kwa drafti. Katika drafti hatua ya kawaida husogeza kipande kimoja, na kosa la kuchora huonekana mara moja. Katika bao, shimo inamoangukia kete ya mwisho ndilo huamua kitakachofuata: likiwa tupu, mchezaji analala, likiwa na kete na shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina kete, anakula na kuendelea kutawanya. Kwa hiyo simu mbili zikitofautiana kete moja tu mwanzoni mwa mzunguko, moja inaweza kumaliza hatua papo hapo huku nyingine ikiendelea kula mashimo matatu zaidi. Tofauti ya kete moja hugeuka mabao mawili yasiyohusiana.

Dawa huanzia kwenye uamuzi mmoja: bao la kweli ni moja, nalo liko kwenye seva. Mabao ya kwenye simu ni nakala. Simu haina mamlaka ya kusema bao liko vipi sasa. Inaweza tu kueleza mchezaji wake anataka kucheza nini. Kama simu ingeruhusiwa kutuma bao zima baada ya hatua, mtu aliyeichezea programu yake angeweza kutuma bao ambalo nyumba yake imenona kwa kete alizoziondoa kwa mpinzani. Anapotuma chaguo tu, hana pa kuingizia kete za wizi. Ujumbe wa hatua unaweza kuwa mfupi hivi:

```
{"mchezo":"b418","hatua":1,"shimo":6,"upande":"kushoto","safari":false}
```

Sehemu ya mwisho ya ujumbe huo inatokana na kanuni ya nyumba. Wakati wa namua, mchezaji aliyekula na kutawanya akifikia mwisho ndani ya nyumba yake ambayo bado ni nzima, ana hiari ya kusimama hapo au kuisafirisha. Hiari hiyo hutokea katikati ya hatua, si mwanzoni. Seva inaweza kusimama na kumuuliza, lakini hapo hatua inabaki nusu, na mtandao ukikatika wakati huo pande zote mbili zinasubiri bao lisilo la zamani wala la sasa. Ni bora simu yenyewe ipige hesabu ya hatua kabla ya kutuma chochote. Inaweza, kwa sababu bao halina bahati nasibu na kete zote ziko wazi. Ikiona hatua itafika nyumbani, inamuuliza mchezaji wake, kisha inatuma hatua kamili pamoja na jibu lake.

Seva ikipokea ujumbe hukagua kwa mpangilio, ikianza na maswali mepesi. Je, aliyetuma ni mmoja wa wachezaji wawili wa bao hili? Je, ni zamu yake? Je, shimo alilotaja lipo, na lina kete? Baada ya hapo huja kanuni za mchezo wenyewe, na ngumu kuliko zote ni ile ya lazima ya kula: anayeweza kula haruhusiwi kutakata.

Mfano wa mwanzo wa mchezo unaonyesha ukaguzi huo ukifanya kazi. Mashimo ya mbele ya kila mchezaji yahesabiwe 1 hadi 8 kutoka kushoto kwake mwenyewe. Kila mmoja ana kete sita kwenye nyumba, ambayo ni shimo la 5, kete mbili kwenye la 6, mbili kwenye la 7, na 22 mkononi. Kwa kuwa wachezaji wanakabiliana, shimo la 5 la mmoja linatazamana na la 4 la mwenzake, la 6 na la 3, la 7 na la 2. Hakuna wa kuliwa bado. Mchezaji wa Unguja anatia kete kwenye shimo la 6, zinakuwa tatu, anazitawanya kushoto: nyumba inapata moja na kufika saba, shimo la 4 moja, la 3 moja. La 3 lilikuwa tupu, hivyo analala. Ubaoni ana kete 11 na mkononi 21, jumla 32 kama alivyoanza. Seva inakubali na kuandika hatua ya 1.

Mchezaji wa Maskati sasa anataka kutia kete kwenye shimo lake la 7. Linatazamana na shimo la 2 la Unguja, ambalo ni tupu, kwa hiyo angekuwa anatakata. Lakini mashimo yake ya 5 na 6 yanakabili kete moja moja zilizoangushwa punde kwenye mashimo ya 4 na 3 ya Unguja. Kula kunawezekana, basi kutakata hakuruhusiwi. Seva inakataa, inataja sababu, na bao la kweli linabaki kwenye hatua ya 1. Simu nzuri ingekuwa imemzuia mchezaji tangu alipogusa shimo, na hilo ni jambo jema kwa raha ya mchezo, ila haliondoi ukaguzi wa seva. Programu iliyo mkononi mwa mtu inaweza kubadilishwa. Ile ya seva haiwezi kuguswa naye.

Ukaguzi una mtego mmoja ambao drafti haina. Kwa kanuni za bao kuna mikao ambayo kete zikianza kutawanywa hazikomi. Seva inayotawanya mpaka mwisho bila kuhesabu itazunguka milele na kuwakwamisha wachezaji wengine wote inaowahudumia. Kwa hiyo mtengenezaji huweka kikomo cha mitawanyo katika hatua moja, na hatua inayokivuka huhesabiwa kuwa haramu. Kikomo hicho lazima kiwe kile kile kwenye simu, la sivyo simu itaruhusu kitu ambacho seva inakikataa.

Hatua ikishakubaliwa, seva huihifadhi kwanza, kisha ndipo huwatangazia wote wawili. Mpangilio huu haupinduliwi. Seva iliyotangaza kabla ya kuhifadhi, halafu ikazimika, ikiwaka tena itakuwa imesahau hatua ambayo wachezaji wamekwisha kuiona kwa macho. Tangazo lenyewe hubeba namba ya hatua, chaguo lililochezwa, na alama fupi inayokokotolewa kutokana na kete za kila shimo na za mkononi. Simu hutawanya kwa hesabu yake, hukokotoa alama yake, na kulinganisha. Zikitofautiana, simu hutupa bao lake na kuomba lote upya. Kuhesabu kama kete zimefika 64 hakutoshi: hesabu hiyo hufichua kete iliyopotea au kuzidi, lakini kete iliyoangukia shimo la jirani haibadilishi jumla. Mara nyingi alama hutofautiana kwa sababu programu ya mmoja ni ya zamani na ina kanuni iliyokwisha kurekebishwa, na wachezaji wasingeligundua mapema bila alama hiyo.

Mtandao unapokatika ndipo namba ya hatua inapodhihirisha thamani yake. Mchezaji wa Maskati sasa anacheza kihalali kwenye shimo la 6, kama hatua ya 2. Seva inapokea, inahifadhi, inatangaza. Unguja inaona na kujibu kwa hatua ya 3. Lakini simu ya Maskati ilitoka kwenye waifai na kuhamia mtandao wa simu dakika ile ile, na jibu la seva halikufika. Kwa upande wake, hatua ya 2 haijulikani ilipo. Inaporudi hewani, inaituma tena.

Seva isiyotumia namba ingeona ujumbe wa mchezaji ambaye kweli sasa ni zamu yake. Shimo la 6 likiwa bado lina kete na hatua ikiruhusiwa na kanuni, ingechezwa mara ya pili, kama hatua ya 4 ambayo hakuna aliyeikusudia. Hii ndiyo hitilafu mbaya kuliko zote katika michezo ya zamu, kwa sababu hakuna kanuni iliyovunjwa na ukaguzi wote unapita. Kwa seva yenye namba, ujumbe unasema wazi kuwa ni hatua ya 2. Hatua ya 2 imeshachezwa, na mtu yule yule, kwa chaguo lile lile. Basi seva inajibu kuwa ilikwisha kuipokea, na kuambatisha hatua ya 3. Kama chaguo ni tofauti, pengine kwa sababu mchezaji alifungua bao lile lile kwenye simu nyingine, seva inakataa na kutuma bao lilivyo.

Kila simu inayorudi hutaja hatua ya mwisho iliyonayo. Iliyobaki nyuma hatua mbili tatu hutumiwa hizo tu, na iliyokaa nje muda mrefu hupewa bao zima. Katika bao zima lazima ziwemo kete za mkononi, hali ya nyumba ya kila mmoja, zamu na saa, kwa sababu vitu hivyo havionekani kwa kutazama mashimo. Simu isijaribu kuonyesha tena mitawanyo yote iliyopitwa. Ichore bao la sasa, na kete zianze kutembea kwa hatua inayofuata.

Kinachobaki ni kutambua kwamba mtandao umekatika. Muunganisho uliokufa hauna tangazo: simu iliyopoteza mawimbi haimuagi mtu, na seva inaweza kudhani kwa dakika kadhaa kwamba bado ipo. Kwa hiyo pande zote mbili hutumiana salamu fupi kila sekunde chache, na salamu kadhaa zisipojibiwa muunganisho huvunjwa na kuanzishwa upya. Simu ikirudi kwa muunganisho mpya wakati wa zamani haujafungwa, mpya ndio unaoshika, na ujumbe unaochelewa kupitia ule wa zamani unazuiwa na namba ya hatua.

Saa ya mchezo hukaa kwenye seva na huendelea kuhesabu wakati wa kukatika. Seva haiwezi kumtofautisha mchezaji aliyeishiwa bando na yule aliyezima simu kwa kukimbia kushindwa, maana kwake wote wawili ni ukimya ule ule. Ndiyo maana muda wa kusubiri hupangwa na kutangazwa kabla ya mchezo kuanza, na ukiisha, mpinzani aliyebaki hupewa haki ya kudai ushindi au kuendelea kusubiri.