Kumwongezea Mshahara Anayeaga

Mhasibu anayelipwa shilingi 900,000 kwa mwezi anapoleta barua ya kuacha kazi kwa kuwa amepata 1,200,000 kwingine, mwajiri aulize kwanza kilichomfanya aanze kutafuta. Kama ni mshahara uliosahaulika huku soko likipanda, nyongeza inaweza kumbakisha, ingawa wenzake watadai yao: wahasibu watatu wakiongezwa 300,000 kila mmoja, hizo ni 900,000 kila mwezi, mshahara mzima wa zamani wa mtu mmoja. Lakini kama kisa ni bosi anayemfokea mbele ya wateja, au cheo alichoahidiwa kisichofika, fedha hununua miezi tu. Hapo ni afadhali muda wa notisi utumike kukabidhiana vitabu vya hesabu na nywila.