Mzunguko Ndani ya Mzunguko

Karani wa chama cha akiba na mikopo ana orodha ya namba za simu za wanachama, naye anataka kujua kama kuna namba iliyoandikwa mara mbili. Njia inayomjia haraka ni kuishika namba ya kwanza na kuilinganisha na zote zinazofuata, kisha ya pili na zilizobaki, hivyo hivyo hadi mwisho. Wanachama wakiwa 5, atalinganisha mara 4, halafu 3, halafu 2, halafu 1, jumla mara 10. Wakiwa 1,000, atalinganisha mara 499,500.

Kwenye kompyuta kazi hiyo huandikwa kwa mizunguko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Hapa nimeondoa ulinganishaji wenyewe, nikaweka kihesabio mahali pake:

```
hesabu = 0
for i in range(n):
    for j in range(i + 1, n):
        hesabu += 1
print(hesabu)
```

Kila mzunguko wa nje unaposogea hatua moja, wa ndani huanza upya. Ndiyo maana hatua hazijumlishwi kama n na n, bali huelekea kuzidishwa, na jibu linaloandikwa ni O(n²). Wanafunzi wengi hupinga hapa, na hoja yao ni nzuri: mzunguko wa ndani unazidi kufupika, kwa nini basi tuseme n²? Ni kweli, hesabu kamili ni n(n − 1)/2, yaani karibu nusu ya n². Lakini alama ya O haitaji idadi ya hatua. Inataja jinsi hatua zinavyoongezeka orodha inapokua, na nusu ya n² hukua kwa mwendo ule ule wa n² nzima.

Hilo halihitaji kuaminiwa tu, linapimika. Endesha programu kwa n ya 1,000, kisha 2,000. Utapata 499,500, halafu 1,999,000. Orodha imekuwa mara mbili, kazi imekuwa mara nne, na hiyo ndiyo sura ya n². Kama kazi nayo ingekuwa mara mbili tu, jibu lingekuwa O(n). Ikizidi mara mbili kidogo, tuseme mara 2.2, shuku O(n log n). Hesabu hatua, usitegemee saa, kwa sababu sekunde hubadilika kulingana na mashine na programu nyingine zilizo wazi.

Kipimo hiki kinafaa zaidi pale ambapo macho hudanganya. Tazama mizunguko hii miwili:

```
hesabu = 0
i = 1
while i < n:
    for j in range(i):
        hesabu += 1
    i = i * 2
```

Aliyezoea kuhesabu mizunguko kwa macho ataandika O(n²). Aliye makini zaidi ataona kwamba wa nje huzunguka mara chache, takriban log n, naye ataandika O(n log n). Wote wamekosea. Kwa n ya 1,000 kihesabio kinasoma 1,023, na kwa 2,000 kinasoma 2,047. Jibu ni O(n). Sababu ni kwamba zamu ya mwisho ya mzunguko wa ndani, yenye hatua 512, inazidi zamu zote zilizoitangulia zikijumlishwa, maana hizo ni 511. Jumla haifiki kamwe mara mbili ya n.

Kinyume chake pia kipo, nacho ndicho kinachoumiza zaidi kazini: mzunguko mmoja uliouficha mwingine tumboni. Karani anaweza kuweka kila namba aliyokwishaiona kwenye orodha ya pili na kuuliza `if namba in zilizoonekana`. Mstari ni mmoja, lakini `zilizoonekana` ikiwa orodha ya kawaida, Python huipitia namba moja baada ya nyingine, na zile hatua 499,500 zinarudi. Akianza na `set()` badala ya `[]`, na kuongeza kwa `add` badala ya `append`, kompyuta hukokotoa mahali namba inapopaswa kukaa na kwenda pale pale, kwa kawaida bila kupitia nyingine. Kazi yote inashuka hadi takriban hatua 1,000.

Tahadhari moja unapokagua jibu lako. Programu halisi husimama mara inapokuta namba iliyojirudia. Ikiwa namba mbili za kwanza kwenye orodha yako ya majaribio zinafanana, programu itamaliza kwa hatua moja, na kipimo hakitakuonyesha chochote. Jaribu kwa orodha isiyo na namba hata moja inayojirudia.