Fimbo ya Chuma Inayoning'inia Hurefuka Kiasi Gani?

Tuseme fundi ametundika fimbo ya chuma yenye urefu wa mita 10. Juu, inaposhikwa na boriti, kipenyo chake ni milimita 60. Kuanzia hapo inapungua unene taratibu hadi milimita 30 chini, na kwenye ncha hiyo kuna mzigo unaovuta kwa kilonyutoni 50, sawa na uzito wa takriban tani 5. Je, fimbo itarefuka kwa kiasi gani?

Wengi hukimbilia wastani. Kati ya 60 na 30 ni 45, basi wanaihesabu kama fimbo ya unene mmoja wa milimita 45 na kupata milimita 1.57. Jibu hilo ni dogo kuliko ukweli kwa asilimia 11, na kosa liko kwenye wazo lenyewe. Kipenyo kikipungua nusu, eneo la mkato hupungua mara nne. Kwa hiyo mzigo uleule huinyoosha sentimita moja ya chini mara nne zaidi ya sentimita moja ya juu. Wastani wa kipenyo hauoni tofauti hiyo.

Njia sahihi ni kuikata fimbo kwa mawazo iwe vipande vyembamba, kama slesi za mkate. Kila kipande ni chembamba kiasi kwamba unene wake hauna tofauti juu na chini. Kurefuka kwake ni nguvu inayokivuta, mara urefu wake, gawanya kwa eneo la mkato na kwa moduli ya Young, ambayo kwa chuma ni gigapaskali 200 hivi. Kisha tunajumlisha vyote, na jumla hiyo ndiyo integrali.

Hapa kuna hila moja inayorahisisha kazi. Endeleza pande za fimbo kuelekea chini mpaka zikutane kwenye ncha ya koni. Kwa kuwa kipenyo kinaongezeka maradufu ndani ya mita 10, ncha hiyo ya kufikirika iko mita 10 chini ya mzigo. Ukipima umbali s kutoka pale, fimbo inaanzia s = 10 na kuishia s = 20, na eneo la mkato linakua kwa mraba wa s. Kwa sababu ya mzigo, basi, tunajumlisha 1/s², na jibu la integrali hiyo ni 1/10 − 1/20. Ukirudisha vipimo vya fimbo unapata:

```
δ = 4PL / (π E d1 d2)
```

Vipenyo viwili vinazidishwa, havijumlishwi. Kwa fimbo yetu ni milimita 1.77, na theluthi mbili za kiasi hicho zinatokea katika nusu ya chini.

Bado uzito wa fimbo yenyewe, kama kilo 129. Huu hauvuti kila mahali kwa usawa: kila kipande kinabeba tu chuma kilicho chini yake. Uzito huo ni sawia na s³ − 1000, yaani koni nzima toa ile sehemu ya kufikirika. Ukigawanya kwa s² na kujumlisha kutoka 10 hadi 20, unapata milimita 0.013. Fimbo ya unene mmoja, iwe nene au nyembamba, ingerefuka milimita 0.019 kwa uzito wake.

Kwa mita 10, basi, uzito hauna maana. Lakini mchango wake hukua kwa mraba wa urefu, wakati ule wa mzigo hukua kwa urefu tu. Kwa fimbo ya mita 1000 yenye vipenyo vilevile, mzigo unatoa milimita 177 na uzito milimita 128. Hapo ndipo faida ya kupunguza unene chini inapoonekana. Mkazo kwenye ncha ya chini ni megapaskali 71, na juu kabisa ni 63. Fimbo ya milimita 30 kote ingefikisha 148 juu, kwa sababu ya uzito wake mwenyewe.

Hesabu hii ina mipaka. Unene ubadilike taratibu, na mkazo usipite kiwango ambacho chuma hurudi katika urefu wake. Kwa chuma cha kawaida cha ujenzi kiwango hicho ni karibu megapaskali 250. Karibu na mahali pa kushikia, mkazo hautawanyiki sawasawa, hivyo hapo hesabu haifai.

Kinachowapotosha zaidi wanaopima kwa vifaa ni joto. Chuma cha mita 10 kikipata nyuzi 15 za ziada za Selsiasi hurefuka milimita 1.8, zaidi kidogo ya kazi yote ya mzigo wa tani 5. Ukipima urefu asubuhi kabla ya kutundika mzigo, na ukarudi kupima adhuhuri, andika joto la chuma mara zote mbili.