Mapigo ya Moyo Mlimani: Kizingiti cha Laktati kwa Mkimbiaji wa Kawaida

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilometa 33 hivi. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi. Kwa wastani, basi, barabara hiyo hupanda mita 3 kwa kila mita 100, na mahali pengine mwinuko huwa mkali zaidi. Mkimbiaji anayeianza kwa mwendo aliouzoea tambarare huenda vizuri kwa muda, kisha pumzi humpaa, mapaja humwaka na miguu humwia mizito. Watu husema ameishiwa nguvu. Lakini akiba ya chakula katika misuli yake bado ni kubwa. Lililotokea ni kwamba amevuka mpaka fulani wa mwili wake, ambao wataalamu huuita kizingiti cha laktati.

Laktati ni nini?

Msuli unapofanya kazi huvunja sukari ili kupata nguvu. Hatua ya kwanza ya kazi hiyo haihitaji oksijeni, nayo huzaa kitu kiitwacho piruvati. Piruvati huingia katika vyumba vidogo vya seli viitwavyo mitokondria, na humo huunguzwa kwa oksijeni. Mkimbiaji anapoongeza mwendo, piruvati hutengenezwa upesi kuliko mitokondria zinavyoweza kuipokea, na ile inayozidi hugeuzwa kuwa laktati.

Kwa miaka mingi laktati ilidhaniwa kuwa ni sumu au takataka tu. Sasa inajulikana kuwa ni chakula: moyo huitumia, misuli mingine huitumia, na ini huigeuza kuwa sukari tena. Mtu aliyepumzika huwa na kiasi cha milimoli 1 ya laktati katika kila lita ya damu. Akikimbia polepole, laktati inayotengenezwa na inayotumika hulingana, na kiasi kilichomo katika damu hubadilika kidogo tu. Kizingiti ni ule mwendo wa juu kabisa ambao ulinganifu huo bado unawezekana. Kwa watu wengi hapo laktati huwa karibu na milimoli 4, ingawa watu hutofautiana sana. Juu ya hapo laktati hulimbikizana dakika baada ya dakika, na pamoja nayo huja mabadiliko mengine katika msuli, kama vile kuzidi kwa uchachu na fosfati, ambayo humlazimisha mtu kupunguza mwendo.

Maana ya kizingiti huonekana katika mbio za Watanzania wawili mashuhuri. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, alikwenda mita 7 hivi kwa kila sekunde, yaani juu sana ya kizingiti. Mbio hizo zilikwisha kwa dakika 3 na sekunde 32. Juma Ikangaa, aliposhinda maratoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, alikwenda mita 5 na nusu hivi kwa sekunde. Maratoni hukimbiwa chini kidogo ya kizingiti, kwa sababu hakuna binadamu awezaye kukaa juu yake kwa saa mbili.

Kukitafuta kizingiti bila maabara

Mkimbiaji wa kawaida hana haja ya kutolewa damu, kwani mapigo ya moyo yaweza kumwonyesha kizingiti chake. Kanuni inayojulikana zaidi ni kutoa umri katika 220 ili kupata mapigo ya juu kabisa, kisha kukisia kizingiti kuwa kati ya asilimia 80 na 90 ya mapigo hayo. Ubaya wake ni kwamba hiyo ni kanuni ya wastani wa watu wengi. Mtu mmoja mmoja aweza kuhitilafiana nayo kwa mapigo 10 au zaidi, juu au chini.

Jaribio lililo bora hufanywa uwanjani, kwa mtu mwenye afya aliyezoea kukimbia. Baada ya kupasha mwili moto, hukimbia dakika 30 kwa mwendo mkali kadiri awezavyo kuudumisha bila kupungua. Wastani wa mapigo katika dakika 20 za mwisho hukaribia sana mapigo ya kizingiti. Mwenye saa ya kupima mapigo asome wastani huo. Asiye nayo asimame kwa nukta chache kila baada ya dakika kadhaa, ahesabu mapigo shingoni kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Lazima ahesabu mara anaposimama, maana moyo hutulia upesi. Mtu akiona mwendo umeporomoka kabla ya dakika 30, ajue alianza kwa kasi mno na jaribio halifai.

Chukua mfano wa mwalimu wa miaka 42. Kanuni ya umri humpa mapigo 178, na asilimia 85 yake ni 151. Lakini jaribio la uwanjani linaonyesha 168. Kama angefuata kanuni, angekimbia maisha yake yote akidhani mwendo wake wa kati ndio mkali. Sasa aweza kugawa kanda tatu. Chini ya mapigo 150, yaani kama asilimia 89 ya kizingiti, ni kanda ya mwendo mwepesi. Humo aweza kusimulia habari ndefu bila kukatizwa na pumzi. Kati ya 150 na 168 ni kanda ya kati, ambamo husema sentensi fupi. Juu ya 168 hujibu kwa neno moja moja. Sehemu kubwa ya mazoezi yake ya juma yafaa iwe katika kanda ya kwanza.

Mlima hubadili hesabu

Mwalimu huyo akikimbia tambarare kwa dakika 6 kila kilometa, mapigo yake ni 145. Penye mwinuko wa mita 3 kwa mia, kazi hiyohiyo ya moyo humpa kilometa kwa dakika 6 na sekunde 50 hivi. Penye mita 6 kwa mia, kwa dakika 8 hivi. Aking'ang'ania dakika 6 hapo, atakuwa amevuka kizingiti kabla ya kumaliza mteremko wa kwanza. Mlimani, basi, mapigo ndiyo yafuatwe, wala si saa ya mwendo.

Hata hivyo mapigo nayo yana mipaka. Moyo huchelewa dakika moja au mbili kuufuata mwinuko, kwa hiyo kilima kifupi hudanganya. Joto huyapandisha mapigo polepole hata mwendo usipobadilika. Homa huyapandisha pia, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huyashusha. Mtu atokaye Tanga akafika Lushoto, ambako hewa ni nyepesi zaidi, atayaona yamepanda kidogo siku za mwanzo. Namba isipoafikiana na pumzi, pumzi ndiyo iaminiwe.

Na yale maumivu ya mapaja yanayokuja siku ya pili yasisingiziwe laktati, ambayo hurudi katika kiasi chake cha kawaida kwa muda wa saa moja hivi. Hayo hutokana na michubuko midogo ya nyuzi za misuli, na huletwa hasa na kushuka. Aliyepanda polepole hadi Lushoto akarudi Mombo mbio atayapata, hata kama hakuvuka kizingiti mara moja.