Milioni 40 za Wadaiwa: Nini Huifanya Taarifa ya Fedha Ifae?

Mwongozo wa Dhana wa Bodi ya Kimataifa ya Viwango vya Uhasibu, uliotolewa upya mwaka 2018, unataja sifa mbili za msingi za taarifa ya fedha: ihusiane na uamuzi wa msomaji, na ionyeshe hali kama ilivyo. Ulinganifu, uwezekano wa kuthibitishwa, kufika kwa wakati na kueleweka huongeza tu manufaa ya taarifa yenye sifa hizo mbili.

Chukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi linalowadai wateja shilingi milioni 40 mwishoni mwa mwaka. Kati ya hizo, milioni 12 zimepitisha mwaka mzima bila kulipwa. Benki inayoombwa mkopo inataka kujua ni fedha kiasi gani zitaingia. Taarifa inayoihusu ni ile inayosaidia kukisia mapato hayo, na mwaka unaofuata ikaonyesha kama makisio ya awali yalikuwa sahihi.

Uzoefu wa duka ni kwamba robo tatu ya madeni ya umri huo hayalipwi, na hakuna dalili kuwa hali itabadilika. Mhasibu anatenga milioni 9 kwa ajili ya hasara hiyo. Kwa milioni 28 zilizobaki anatenga asilimia 5, yaani milioni 1.4. Hivyo wadaiwa wanaonyeshwa kwa milioni 29.6.

Ukweli wa takwimu hiyo hupimwa kwa mambo matatu. Iwe kamili: maelezo yataje umri wa madeni. Isipendelee upande wowote: kutenga kidogo ili kuifurahisha benki ni kosa, na kutenga kupita kiasi ili kuficha faida ni kosa vilevile. Tatu, isiwe na makosa. Hapa wanafunzi wengi huteleza, kwani makisio si lazima yatimie shilingi kwa shilingi. Kinachotakiwa ni kueleza wazi kuwa ni makisio, na kuchagua na kutumia njia yake bila kukosea.

Mwaka wa pili, tuseme madeni ya zamani ni milioni 12 tena, lakini mhasibu anatenga nusu badala ya robo tatu. Tengo linashuka hadi milioni 6, na faida inapanda kwa milioni 3 bila mteja yeyote kulipa zaidi. Kiwango kinaweza kubadilishwa ushahidi ukibadilika, ila badiliko na athari yake vielezwe. Vinginevyo miaka hiyo miwili hailinganishiki. Mkaguzi hugundua hila hiyo kwa kupanga madeni kwa umri na kuangalia malipo yaliyopokelewa baada ya mwaka kufungwa.

Kama duka lingeandika milioni 40 zote, takwimu ingethibitishwa kwa ankara, ingetolewa mapema na kueleweka kwa urahisi. Bado isingefaa, kwa sababu zaidi ya milioni 10 kati yake hazitarajiwi kulipwa.